OTP Imekuja, Malipo Yamekataa

Anayelipa kwa kadi ya benki mtandaoni anaijua hatua hii. Umechagua tiketi, umejaza jina, umeandika tarakimu 16 za mbele ya kadi, tarehe ya kuisha na zile tatu za nyuma, ukabonyeza kulipa. Badala ya risiti kinatokea kisanduku kinachodai OTP, namba ya uthibitisho ambayo benki inakutumia kwa meseji na inayotumika mara moja tu. Hapo ndipo mambo huharibika. Namba haiji. Au inakuja, unaiandika, inakataliwa. Au kisanduku chenyewe hakionekani, unabaki unatazama ukurasa mweupe huku duara likizunguka. Mwisho wa yote duka linakuandikia maneno yale yale: malipo hayakufanikiwa, wasiliana na benki yako.

Maneno hayo hayamsaidii mtu, na si kwa ubaya. Duka kweli halijui kilichotokea. Utaratibu wa kumthibitisha mwenye kadi unaitwa 3-D Secure, na kampuni ya Visa ndiyo iliyouanzisha mwaka 2001. Siku hizi kwenye skrini utauona kwa majina ya Visa Secure au Mastercard Identity Check. Hizo D tatu ni pande tatu: upande wa duka na benki yake, upande wa benki iliyokupa wewe kadi, na katikati mtambo wa Visa au Mastercard unaowakutanisha. Duka likishapokea namba ya kadi yako linauliza kwa mtambo wa kati iwapo benki yako inataka uthibitishwe. Benki ikitaka, seva yake inafungua ukurasa wake yenyewe mbele ya macho yako, juu ya ukurasa wa duka au ndani yake.

Kwa hiyo kisanduku cha OTP si cha duka. Maandishi yake, namba ya simu iliyofichwa kwa nyota, kitufe cha kuomba namba nyingine, saa inayohesabu, vyote ni vya benki. Duka haliioni namba unayoandika. Linachorudishiwa ni jibu fupi: herufi Y ukithibitishwa, herufi N usipothibitishwa. Ukiwa umekosea tarakimu, ukiwa umechelewa, ukiwa umetumiwa meseji kwenye laini uliyoitupa zamani, duka linaweza kuona N ile ile na kukupa maelezo yale yale.

Jibu basi halipatikani katika maneno ya duka. Linapatikana kwa kuangalia safari ilikatikia wapi. Je, kisanduku kilifunguka? Kama kilifunguka, meseji ilifika? Kama ilifika, ilikataliwa? Kila mahali pana ugonjwa wake na dawa yake, na dawa ya mmoja haiutibu mwingine. Kufungua madirisha ya kivinjari hakutaleta meseji inayokwenda kwenye laini isiyo yako, na kwenda benki kubadilisha namba ya simu hakutaongeza uhai wa OTP iliyochelewa njiani.

Saa inayoanza bila wewe

Tuanze na ile inayofika na kukataliwa, kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu zaidi.

OTP inazaliwa kwenye seva ya benki, na umri wake unaanza kuhesabiwa pale pale inapozaliwa. Hauanzi pale meseji inapogonga kwenye simu yako. Benki zinatofautiana, lakini umri wa kawaida ni dakika chache, mara nyingi kati ya tatu na kumi. Katikati hapo meseji ina safari yake: inatoka benki, inapitia kwa kampuni inayosambaza meseji za taasisi, inaingia kwenye kituo cha meseji cha mtandao wako wa simu, ndipo inatafuta simu yako. Mtandao ukiwa umelemewa, au simu ikiwa mahali penye mawimbi dhaifu, kituo kile kinaihifadhi meseji na kujaribu tena baadaye. Kwa salamu za ndugu hilo halina madhara. Kwa namba yenye umri wa dakika tano, dakika nne za kusubiri ni karibu maisha yake yote.

Tuchukue mfano wa mama mfanyabiashara wa Mwanza anayenunua tiketi ya ndege ya kwenda Dar es Salaam. Benki yake inatoa OTP za dakika tano, na jioni hiyo meseji zinachelewa kati ya dakika tatu na nne. Anabonyeza kulipa saa 2:10 usiku. Benki inatengeneza OTP ya kwanza. Anasubiri, haiji. Saa 2:13 uvumilivu unamwisha, anabonyeza kitufe cha kuomba nyingine. Benki inatengeneza ya pili, na hapo hapo inaiua ya kwanza, kwa sababu katika mifumo mingi OTP mpya huifuta iliyotangulia. Saa 2:14 simu inaita. Meseji iliyoingia ni ile ya kwanza, ndiyo kwanza inafika. Yeye anadhani ni ya pili, anaiandika upesi, inakataliwa. Anaudhika, anaomba ya tatu. Sasa ya pili nayo imekufa kabla hata haijamfikia. Saa 2:16 inafika hiyo ya pili, anaiandika, inakataliwa. Saa 2:18 inafika ya tatu, ambayo ni nzima na imebakiwa na dakika moja ya uhai, lakini kwa wakati huo ameshaamini kwamba benki ina matatizo na amefunga simu.

Tazama kwamba hakuna kilichoharibika popote. Benki ilituma namba sahihi mara tatu, mtandao ulizifikisha zote tatu, na mama aliandika kila tarakimu bila kukosea. Kilichomshinda ni kwamba kila alipobonyeza kitufe aliua namba iliyokuwa njiani. Na kuna hatari nyingine iliyokuwa inamkaribia bila yeye kujua. Kila namba mfu aliyoiandika ilihesabiwa kuwa jaribio la makosa. Benki huweka kikomo cha majaribio, mara nyingi matatu, na ukikifikia inaweza kuifungia kadi isilipe mtandaoni kwa muda fulani au mpaka upige simu kwa huduma kwa wateja.

Dawa yake ni kuhesabu meseji. Ukiomba OTP mara mbili, inayofaa ni meseji ya pili kufika. Ukiomba mara tatu, ya tatu. Meseji mbili zikipishana njiani na ya nyuma ikatangulia, hesabu hiyo inavurugika, na ndiyo maana baadhi ya benki huweka herufi au tarakimu za rejea ndani ya meseji na kuzionyesha pia kwenye kisanduku. Zikilingana, hiyo ndiyo OTP yenyewe. Zisipolingana, usiiandike hata kama imeingia sekunde hii. Benki isiyoweka rejea inamwachia mteja kazi ya kubahatisha, na kwa maoni yangu huo ni uzembe unaoweza kurekebishwa kwa mstari mmoja wa maandishi.

Jambo bora zaidi ni kutoomba ya pili haraka. Kama kisanduku kinaonyesha sekunde zinazohesabiwa kurudi nyuma, ziache ziishe. Kama hakionyeshi, subiri dakika tatu nzima huku simu ikiwa mahali penye mawimbi. Usiku huo meseji zikiwa zinachelewa kupita umri wa OTP, hakuna ujanja. Malipo hayo yangoje saa nyingine, na ni heri kuacha kabla ya kufikia kikomo cha makosa.

Kuna saa ya pili inayokwenda sambamba na hiyo, na wengi hawaijui. Katika toleo la 3-D Secure linalotumika sasa, kisanduku chenyewe kina muda wake: kikikaa dakika kumi bila mteja kufanya chochote, seva ya benki inafunga kikao na kulirudishia duka jibu la kushindwa. Duka nalo lina subira yake, hasa la ndege au hoteli, ambalo linakushikilia kiti au chumba kwa bei ile kwa muda mfupi tu. Ndiyo maana unaweza kuandika OTP iliyo hai na bado ukaambiwa kikao kimekwisha. Hapo OTP haikuwa na kosa. Anza upya tangu dukani. Kuomba OTP nyingine ndani ya kisanduku kile kile ni kupoteza meseji.

Wapo wanaoshauri kurekebisha saa ya simu. Kwa OTP ya meseji ushauri huo hauna maana, kwa sababu anayehesabu muda ni seva ya benki na haiulizi simu yako ni saa ngapi. Saa ya simu ni muhimu kwa zile aplikesheni zinazotengeneza namba mpya kila baada ya sekunde 30 ndani ya simu yenyewe, maana hizo hutumia saa hiyo kukokotoa namba.

Namba ipi ya simu?

Sasa tuje kwa yule ambaye kisanduku kimefunguka vizuri, ameomba mara mbili, amesubiri robo saa, na hakuna meseji hata moja iliyofika. Hapa kuchelewa si mtuhumiwa wa kwanza tena. Swali ni meseji inakwenda kwa nani.

Watu wengi huamini kwamba OTP inatumwa kwenye namba waliyoijaza kwenye fomu ya duka, pale kwenye jina na anwani. Wanarudi kwenye fomu, wanabadilisha namba, wanajaribu tena, hakuna kitu. Fomu ya duka haihusiki kabisa. Namba hiyo ni ya duka kukupigia mzigo ukifika. OTP inatumwa na benki kwa namba iliyo kwenye kumbukumbu za benki, na hata ndani ya benki yenyewe mtu anaweza kuwa na namba zaidi ya moja.

Hapo ndipo penye fundo. Unapofungua akaunti, namba yako inaandikwa kwenye mfumo mkuu wa benki. Unapojiunga na huduma za benki kwa simu, inaandikwa kwenye mfumo wa huduma hiyo. Unapopewa kadi, inaandikwa kwenye mfumo wa kadi, na kwa benki nyingi mfumo wa kadi na seva ya uthibitisho vinaendeshwa na kampuni ya nje iliyoajiriwa kwa kazi hiyo. Benki iliyounganisha vizuri ikibadilisha pamoja, panabadilika pote. Iliyounganisha vibaya itakuacha na namba mpya kwenye akaunti na namba ya zamani kwenye kadi. Dalili yake ni rahisi kuitambua: meseji za salio na za kutoa fedha zinafika kila siku kwenye simu yako, lakini OTP haifiki kamwe. Mtu anasema, mbona benki inanitumia meseji zote isipokuwa hii? Ni kwa sababu zinatoka vyumba viwili tofauti.

Mazungumzo ya dirishani huwa hivi. Mteja analalamika kwamba hapati OTP. Afisa anaangalia kompyuta na kusema, “Dada, namba yako hapa iko sawa, inaishia na 42.” Mteja anajibu, “Ndiyo hiyo hiyo kaka, lakini haiji.” Wote wawili wako sahihi, na mteja anarudi nyumbani na tatizo lake. Swali lililokosekana ni hili: “Kaka, naomba uniangalizie namba iliyosajiliwa kwenye kadi kwa ajili ya malipo ya mtandaoni.” Hiyo ni skrini nyingine, na pengine ombi la kuirekebisha linajazwa kwenye fomu nyingine na kuchukua siku moja au zaidi kabla halijaanza kufanya kazi.

Kabla ya kupanga foleni, kisanduku chenyewe kinaweza kukupa jibu. Benki nyingi huandika pale kwamba OTP imetumwa kwa namba fulani, zikiacha wazi tarakimu mbili, tatu au nne za mwisho. Watu huiruka sentensi hiyo kwa haraka ya kulipa. Isome. Kama inaishia na tarakimu za laini uliyoipoteza, umeshaujua ugonjwa bila kutoka nyumbani. Kama tarakimu ni zako na bado meseji haiji, tazama mambo mengine: laini iliyozimwa kwenye simu ya laini mbili, mtumaji wa benki uliyemzuia siku ulipochoshwa na matangazo, au meseji iliyotupwa na simu kwenye folda ya taka. Wapo pia waliopiga namba ya kusitisha meseji zote za matangazo kwenye mtandao wao, na meseji ya benki iliyopitishwa kimakosa kwenye njia ya matangazo ikazuiwa pamoja nazo.

Kosa la uandishi nalo lipo. Namba ya Tanzania inaandikwa kimataifa kwa kuanza na 255 na kuondoa sifuri ya mbele. Ya Kenya kwa 254. Karani aliyeingiza 2550 kisha tarakimu zilizobaki ametengeneza namba isiyokuwepo duniani, na ukiangalia tarakimu mbili za mwisho utaona ni zako kabisa. Kwa hiyo unapothibitisha namba dirishani, omba isomwe yote tangu mwanzo.

Kwa aliye nje ya nchi mambo yana sura yake. Mtanzania anayefanya kazi Muscat akiwa na kadi ya benki ya Dar es Salaam ana laini ya Oman mfukoni, na laini ya nyumbani iko ndani ya droo au imekufa. Laini ya malipo ya kabla ikiachwa bila kutumika miezi kadhaa hufungwa, na namba yake baadaye huuzwa kwa mtu mwingine. Hapo usumbufu unageuka kuwa hatari, maana OTP za kadi yako zinamfikia mgeni. Peke yake OTP haimsaidii asiyejua namba ya kadi, lakini kadi zilizoibwa namba zake zinauzwa kila siku kwa wezi wa mtandaoni, na hicho ndicho kipande walichokuwa wanakikosa. Anayesafiri aulize mtandao wake kama laini inapokea meseji nje ya nchi na jinsi ya kuiwasha huduma hiyo kabla ya kupanda ndege, na aulize benki kama inakubali namba ya nje au inaweza kuthibitisha kwa aplikesheni badala ya meseji.

Na kadi ya nyongeza aliyopewa mke, mume au mtoto kwenye akaunti ya mwingine? Mara nyingi OTP yake inakwenda kwa mwenye akaunti. Kadi za ofisi ni vivyo hivyo. Kuna maofisa ununuzi wanaompigia mhasibu simu kila wanapolipa, na mhasibu akiwa kwenye kikao, dakika tano zinapita.

Kisanduku kisichoonekana

Imebaki safari inayokatika mapema kuliko zote: umebonyeza kulipa, na kisanduku hakikutokea. Kisipotokea, huna pa kuandika hata kama meseji imefika.

Chanzo chake kina historia ya kuchekesha kidogo. Utaratibu huu ulipoanza, ukurasa wa benki ulifunguka kama dirisha ibukizi, yaani dirisha dogo linalochomoza juu ya jingine. Miaka ile ile matangazo ya ovyo nayo yalikuwa yanachomoza kwa mtindo huo huo, watu wakachoka, na watengenezaji wa vivinjari wakaanza kuyazuia. Agosti 2004 Microsoft iliweka kizuizi hicho ndani ya Internet Explorer kupitia toleo la pili la nyongeza za Windows XP, na ghafla ulinzi wa benki ukawa unapigwa marufuku pamoja na matangazo ya dawa za kupunguza unene. Kizuizi hakina namna ya kujua dirisha lipi ni la benki na lipi ni la tapeli. Kinachoangalia zaidi ni kama dirisha limefunguliwa na kidole cha mtumiaji au limejifungua lenyewe. Dirisha la benki, ambalo hufunguka baada ya duka kusubiri jibu la mtambo wa kati, huonekana kama limejifungua.

Maduka mengi yakahamia kwenye fremu, yaani ukurasa wa benki unaokaa ndani ya ukurasa wa duka. Fremu haizuiwi na kizuizi cha madirisha, lakini ilileta shida ya namna nyingine: mteja haoni anwani ya ukurasa huo, hivyo hawezi kujua kama kweli ni wa benki. Mwaka 2010 Steven Murdoch na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliandika makala kali wakilikosoa jambo hilo. Hoja yao bado ina uzito. Unachoweza kufanya leo ni kusoma meseji: ya benki makini inataja jina la duka na kiasi cha fedha. Kama unalipa tiketi na meseji inataja duka usilolijua au kiasi usichokijua, usiiandike namba hiyo popote.

Maduka yanayotumia madirisha ibukizi bado yapo. Kwenye Chrome ya kompyuta, dirisha likizuiwa, alama ndogo hutokea upande wa kulia wa mstari wa anwani. Ukiibonyeza unaweza kuiruhusu tovuti hiyo peke yake. Kwenye simu ya Android fungua vitone vitatu, kisha `Settings`, `Site settings`, halafu `Pop-ups and redirects`. Kwenye iPhone kizuizi kinaitwa `Block Pop-ups`, nacho kipo kwenye mipangilio ya Safari. Kizime, lipa, kisha kiwashe tena. Ukishaondoa kizuizi usibonyeze tu kitufe cha kupakia upya ukurasa. Rudi kwenye kapu na uanze malipo upya, kwa sababu kikao cha kwanza kimeshakufa.

Kwenye simu, hata hivyo, mhalifu mara nyingi si kizuizi chenyewe. Kiungo cha duka ulichokibonyeza ndani ya Facebook au Instagram hufunguka kwenye kivinjari kidogo cha ndani ya aplikesheni hiyo, ambacho madirisha mapya hayafunguki ipasavyo. Fungua duka hilo kwenye Chrome au Safari yenyewe. Opera Mini ikiwa kwenye hali yake ya kubana bando kabisa hupitisha kurasa kwenye seva zake na kuzipunguza kabla hazijakufikia, na ukurasa wa benki uliopunguzwa namna hiyo hauwezi kutegemewa. Aplikesheni za kuzuia matangazo nazo huila fremu ya benki bila kusema neno.

Na kuna tukio moja ambalo wenye simu za kumbukumbu ndogo wanalijua bila kulijua. Kisanduku kimefunguka, meseji imeingia, unatoka kwenye kivinjari kwenda kuisoma. Simu, ikitafuta nafasi, inaufuta ukurasa uliouacha. Ukirudi, ukurasa unajipakia upya, kisanduku hakipo. Unajaribu tena, yale yale. Tiba yake ni kusoma tarakimu kwenye taarifa inayoshuka juu ya skrini bila kutoka kwenye ukurasa, au kulipa kwenye kompyuta huku simu ikipokea meseji pembeni.

Hata OTP ikikubaliwa, kurudi dukani kuna mtego wake. Duka linakukumbuka kwa vidakuzi, zile alama ndogo zinazohifadhiwa na kivinjari. Mwaka 2020 Chrome ilibadilisha sheria, ikaacha kupeleka vidakuzi vya namna fulani pale mteja anaporudishwa kutoka tovuti nyingine, isipokuwa kama kidakuzi kiliwekwa chini ya dakika mbili zilizopita. Kwenye maduka ambayo mafundi wake hawakurekebisha mapema, matokeo yalikuwa ya ajabu: aliyeandika OTP haraka alipata risiti, na aliyechukua dakika tatu alirudi akakuta kapu tupu, kana kwamba hajawahi kuingia. Hakuna mteja wala afisa wa benki ambaye angeweza kulitambua hilo. Ukiona OTP inakubaliwa kila mara lakini duka linakusahau kila mara, wa kuambiwa ni duka.

Fedha ziko wapi?

Swali la mwisho la kila aliyekwama ni kama amekatwa. Uthibitisho hutangulia na ombi la fedha hufuata. OTP ikikataliwa, au kisanduku kisipofunguka, duka linalofuata utaratibu haliendelei kuomba fedha kwa benki, kwa hiyo salio lako halipaswi kuguswa. Hapo unaweza kujaribu tena bila hofu.

Hali ni nyingine kama OTP ilikubaliwa na kilichovunjika ni kurudi dukani. Huenda duka lilikuwa limeshaomba fedha na benki ikazizuia, ila risiti ikapotea njiani. Kabla ya kulipa mara ya pili angalia meseji ya makato, salio, na barua pepe yako, hata kwenye folda ya taka. Ukikuta fedha zimezuiliwa bila risiti, liandikie duka kwanza ukitaja kiasi, saa, na tarakimu nne za mwisho za kadi, kwa kuwa duka likiufuta muamala huo benki huachia fedha mapema kuliko kusubiri zuio liishe lenyewe baada ya siku kadhaa. Benki nayo itakuuliza kiasi na saa hiyo hiyo, na afisa akivipata ataweza kuona kwenye mfumo wa kadi kama fedha zimezuiliwa tu au zimeshakwenda. Hakuna mmoja wao anayehitaji OTP yako kwa kazi hiyo; anayekupigia na kuiomba ili akurudishie fedha anataka kuzichukua.